Kusoma Lebo ya Vidonge vya Kalsiamu, Magnesiamu na Zinki: Namba Ipi Ndiyo Dozi?

Na Mwandishi Wetu

Vidonge vya kalsiamu, magnesiamu na zinki vinavyopatikana katika vituo vya afya na maduka ya dawa hubeba namba mbili za uzito ambazo wananchi wengi huzichukulia kuwa kitu kimoja. Namba ya kwanza ni uzito wa kampaundi, yaani unga wa kemikali unaobeba madini. Namba ya pili ni kiasi cha madini halisi yaliyomo ndani ya unga huo. Kidonge chenye kalsiamu kaboneti miligramu 1250, kwa mfano, kina kalsiamu halisi miligramu 500 tu. Miligramu 750 zinazobaki si kalsiamu.

Tofauti hiyo ina uzito mkubwa kwa sababu viwango vinavyotajwa na wataalamu wa afya kwa madini haya matatu huhesabiwa kwa madini halisi. Mjamzito anayeambiwa atumie kalsiamu gramu moja na nusu kwa siku anaambiwa gramu moja na nusu ya kalsiamu yenyewe, wala si ya unga unaoibeba. Mtoto anayeharisha akiandikiwa zinki miligramu 20, hizo ni miligramu 20 za zinki. Anayesoma namba isiyohusika anaweza kupata chini ya nusu ya kiasi alichoelekezwa, au akazidisha, bila kuona dalili yoyote ya kumwonya kwamba amekosea.

Makala haya yanaeleza chanzo cha namba hizo mbili, namna lebo zinavyoziandika, na hesabu ambayo mwananchi anaweza kuifanya mwenyewe akiwa na kopo mkononi.

Kwa nini kuna namba mbili

Kalsiamu, magnesiamu na zinki ni metali. Hazitiwi katika vidonge zikiwa peke yake. Kalsiamu safi, kwa mfano, ikigusana na maji hutoa joto na gesi ya haidrojeni, hivyo haifai kumezwa. Mtengenezaji wa dawa hutumia kampaundi, ambayo ni muungano wa metali hiyo na kitu kingine, kama vile kaboneti, sitreti, oksaidi, salfeti au glukoneti. Kampaundi ni thabiti, inahifadhika, na ikifika tumboni huachia madini ili mwili uyafyonze.

Kalsiamu kaboneti ndiyo mfano rahisi zaidi. Hiyo ni kemikali ileile inayopatikana katika mawe ya chokaa, maganda ya mayai na makombe ya pwani. Fomyula yake ni CaCO3: atomu moja ya kalsiamu, moja ya kaboni na tatu za oksijeni. Kwa kipimo cha uzito wa atomu, kalsiamu ina 40, kaboni 12, na oksijeni tatu zenye 16 kila moja hufanya 48. Jumla ni 100. Kwa hiyo katika kila miligramu 100 za kalsiamu kaboneti, kalsiamu ni miligramu 40, au asilimia 40.

Kampaundi nyingine hubeba sehemu ndogo zaidi, kwa sababu kile kilichoungana na metali ni kizito. Kalsiamu glukoneti ina kalsiamu asilimia 9 hivi. Hivyo vidonge viwili vyenye uzito sawa wa unga, kimoja cha kaboneti na kingine cha glukoneti, vinaweza kutofautiana zaidi ya mara nne kwa kiasi cha kalsiamu kinachomfikia mtumiaji.

Jedwali lifuatalo linaonesha kampaundi zinazoonekana mara kwa mara kwenye lebo. Asilimia zimekadiriwa kwa namba kamili.

| Kampaundi | Sehemu ya madini halisi | Madini halisi katika miligramu 500 za kampaundi |
|---|---|---|
| Kalsiamu kaboneti | asilimia 40 | miligramu 200 |
| Kalsiamu sitreti | asilimia 21 | miligramu 105 |
| Kalsiamu glukoneti | asilimia 9 | miligramu 45 |
| Magnesiamu oksaidi | asilimia 60 | miligramu 300 |
| Magnesiamu sitreti | asilimia 16 | miligramu 80 |
| Magnesiamu glisineti | asilimia 14 | miligramu 70 |
| Zinki salfeti yenye molekuli moja ya maji | asilimia 36 | miligramu 180 |
| Zinki salfeti yenye molekuli saba za maji | asilimia 23 | miligramu 115 |
| Zinki glukoneti | asilimia 14 | miligramu 70 |

Safu ya mwisho imewekwa kwa ajili ya kulinganisha tu. Kwa zinki hasa, hakuna mtu anayepaswa kumeza kiasi kinachotokana na miligramu 500 za kampaundi kwa siku.

Namna tatu za uandishi wa lebo

Lebo nyingi huandikwa kwa Kiingereza, lakini mpangilio wake hufuata mojawapo ya namna tatu. Anayezitambua anaweza kuipata namba sahihi hata kama hajui kila neno.

Namna ya kwanza ni ile inayotaja namba zote mbili katika sentensi moja. Hutangulia kampaundi na uzito wake, kisha hufuata maneno yenye maana ya “sawa na”, halafu madini na uzito wake. Lebo ya aina hii husema: kalsiamu kaboneti miligramu 1250, sawa na kalsiamu miligramu 500. Namba ndogo, iliyo baada ya “sawa na”, ndiyo dozi. Hii ndiyo namna iliyo wazi zaidi, na hupatikana sana kwenye vidonge vinavyotengenezwa kama dawa.

Namna ya pili hutaja madini kwanza, kisha kampaundi ndani ya mabano, na mwisho namba moja tu. Husomeka hivi: kalsiamu (katika umbo la kalsiamu kaboneti) miligramu 500. Hapa namba inahusu neno lililo nje ya mabano, yaani kalsiamu halisi. Msomaji asikate tena asilimia 40, kwa sababu mtengenezaji amekwisha kufanya hesabu hiyo. Jedwali la virutubisho lililo nyuma ya makopo yanayotoka Marekani huandikwa kwa utaratibu huu.

Namna ya tatu hutaja kampaundi peke yake na uzito wake: kalsiamu kaboneti miligramu 500. Hakuna “sawa na”, wala hakuna jina la madini lililosimama pekee. Namba hiyo ni uzito wa unga. Ili kupata kalsiamu halisi ni lazima kuzidisha kwa asilimia: 500 mara 0.40, jibu ni miligramu 200.

Ugumu huzidi pale upande wa mbele wa kopo unapotumia namna moja na upande wa nyuma unapotumia nyingine. Mbele kunaweza kuandikwa kwa herufi kubwa “magnesiamu glisineti miligramu 1000”, na nyuma, kwa herufi ndogo, “magnesiamu miligramu 141”. Maelezo yote mawili ni ya kweli na hayapingani. La mbele linataja uzito wa unga, la nyuma linataja madini. Namba ya kuchukua ni ya nyuma.

Mfano wa kalsiamu kwa mjamzito

Shirika la Afya Duniani linapendekeza kwamba, katika jamii ambazo chakula cha kila siku kina kalsiamu kidogo, mjamzito apewe kalsiamu halisi gramu 1.5 hadi 2.0 kwa siku ili kupunguza hatari ya shinikizo la damu la ujauzito linaloweza kufikia kifafa cha mimba. Pendekezo hilo linataja waziwazi kuwa kiasi ni cha madini halisi. Dozi hugawanywa, kwa kawaida mara tatu kwa siku, kwa kuwa mwili hufyonza kalsiamu vizuri zaidi inapoingia kwa kiasi kisichozidi miligramu 500 hivi kwa wakati mmoja.

Tuchukulie kwamba mjamzito ameelekezwa kliniki atumie kalsiamu miligramu 1500 kwa siku, kidonge kimoja cha miligramu 500 asubuhi, mchana na jioni. Anafika duka la dawa na kuoneshwa makopo matatu.

Kopo la kwanza limeandikwa “kalsiamu kaboneti miligramu 1250, sawa na kalsiamu miligramu 500”. Vidonge vitatu vya kopo hili vinampa miligramu 1500 kamili. Hiki ndicho alichoelekezwa.

Kopo la pili limeandikwa “kalsiamu kaboneti miligramu 500”. Namba 500 inafanana na ile aliyoambiwa kliniki, na kidonge ni kidogo, rahisi kumeza. Lakini kila kidonge kina kalsiamu miligramu 200. Vidonge vitatu vinampa miligramu 600, yaani asilimia 40 ya dozi yake. Ili kufikia miligramu 1500 angehitaji vidonge saba na nusu kwa siku.

Kopo la tatu limeandikwa “kalsiamu glukoneti miligramu 500”. Kila kidonge kina miligramu 45 hivi. Vidonge vitatu vinampa takriban miligramu 135, chini ya sehemu moja ya kumi ya dozi.

Katika hali zote tatu mama anaweza kusema kwa ukweli kwamba anameza kalsiamu mara tatu kwa siku bila kukosa. Muuguzi akimuuliza kliniki atajibu hivyo, na kadi itaonesha kwamba anatumia dawa. Upungufu hautaonekana mpaka mtu achukue kopo na kusoma lebo. Kwa sababu hiyo ni vyema kwenda na kopo lenyewe kliniki badala ya kutaja jina la dawa tu.

Kosa la upande wa pili nalo hutokea. Mtu anayeona namba 1250 kwenye kopo la kwanza anaweza kudhani kuwa kidonge kimoja kimekaribia dozi nzima ya siku, akameza kimoja na kuacha viwili. Huyo anapata theluthi moja ya kiasi alichoelekezwa.

Suala la kiasi gani hasa kinatosha limeendelea kufanyiwa utafiti, na Tanzania ni sehemu ya utafiti huo. Majaribio mawili yaliyofanyika India na Dar es Salaam, ambayo matokeo yake yalichapishwa mwaka 2024, yalilinganisha kalsiamu miligramu 500 na miligramu 1500 kwa siku kwa wajawazito. Katika nchi zote mbili dozi ndogo haikuwa duni kuliko dozi kubwa katika kuzuia shinikizo la damu la ujauzito. Mjamzito afuate dozi anayopewa na mtoa huduma wake. Iwapo ataelekezwa miligramu 500, bado swali la lebo ni lilelile: kidonge kimoja cha kopo la kwanza kinatosha, ilhali kwa kopo la pili vinahitajika viwili na nusu. Tena, dozi inapokuwa ndogo, anayeikosea hana akiba ya kumfidia.

Bei nayo ilinganishwe kwa madini halisi. Tuchukulie kopo la kwanza lina vidonge 30 kwa shilingi 9,000, na la pili lina vidonge 30 kwa shilingi 5,000. Kwa kutazama bei tu, la pili ni nafuu. Lakini la kwanza lina jumla ya kalsiamu miligramu 15,000, sawa na shilingi 60 kwa kila miligramu 100. La pili lina miligramu 6,000, sawa na shilingi 83 hivi kwa kila miligramu 100. Kopo lililoonekana rahisi ndilo ghali.

Mfano wa zinki kwa mtoto anayeharisha

Mwaka 2004 Shirika la Afya Duniani na UNICEF walitoa tamko la pamoja kwamba mtoto anayeharisha apewe zinki pamoja na ORS: miligramu 20 kwa siku, au miligramu 10 kwa mtoto wa chini ya miezi 6, kwa muda wa siku 10 hadi 14. Vidonge vingi vya zinki kwa watoto vimetengenezwa kwa kiwango hicho, na huyeyuka katika kijiko cha maji safi au maziwa ya mama.

Zinki katika vidonge hivyo aghalabu huwa katika umbo la zinki salfeti yenye molekuli moja ya maji. Sehemu ya zinki ni asilimia 36.4, hivyo kupata miligramu 20 kunahitaji miligramu 54.9 za kampaundi. Ndiyo maana baadhi ya lebo huandika “zinki salfeti miligramu 54.9, sawa na zinki miligramu 20”. Mzazi anayesoma namba ya kwanza tu anaweza kudhani kidonge kina karibu mara tatu ya dozi, akakikata vipande vitatu na kumpa mtoto kipande kimoja. Mtoto huyo anapata zinki miligramu 7 hivi badala ya 20 alizoandikiwa. Kidonge hicho kisikatwe kwa sababu ya namba 54.9. Hukatwa nusu tu pale mtoto anapokuwa na umri wa chini ya miezi 6, au mtoa huduma anapoelekeza.

Hapa pia mwongozo unaweza kubadilika kadiri utafiti unavyoendelea. Utafiti uliofanyika India na Tanzania na kuchapishwa mwaka 2020 uliwalinganisha watoto waliopewa zinki miligramu 5, 10 na 20 kwa siku. Dozi ndogo hazikuwa duni katika kutibu kuhara, na watoto waliozipata walitapika kwa kiasi kidogo zaidi. Mzazi anayeelekezwa dozi iliyo chini ya miligramu 20 asishangae, bali amwombe mtoa huduma amwoneshe kwenye kidonge alichopewa ni sehemu gani inayofanya dozi hiyo.

Zinki salfeti ina jambo moja linaloweza kumchanganya hata anayejua kupiga hesabu. Kampaundi hii hushika molekuli za maji ndani ya fuwele zake, na maji hayo yana uzito. Yenye molekuli moja ya maji ina zinki asilimia 36, yenye molekuli saba ina asilimia 23. Lebo ikisema tu “zinki salfeti miligramu 50” bila kutaja aina, kiasi cha zinki kinaweza kuwa miligramu 18 au miligramu 11. Hesabu haiwezi kuamua. Katika hali hiyo mnunuzi amwombe mfamasia karatasi ya maelezo iliyo ndani ya boksi, au achukue dawa nyingine ambayo lebo yake inataja zinki halisi.

Kwa watu wazima hatari ya zinki huelekea upande wa kuzidisha. Kapsuli yenye zinki salfeti miligramu 220 ya aina ya maji saba ina zinki halisi miligramu 50. Viwango vya lishe vya Marekani vinaweka kikomo cha miligramu 40 kwa siku kwa mtu mzima, kutoka katika chakula na vidonge kwa pamoja, isipokuwa anayetumia kwa maelekezo ya daktari. Zinki nyingi kwa muda mrefu huzuia mwili kufyonza madini ya shaba, na upungufu wa shaba huleta upungufu wa damu na madhara ya mishipa ya fahamu. Kapsuli ya namna hiyo isitumike kwa mtoto kwa kuikadiria kwa macho.

Mfano wa magnesiamu na matumizi ya asilimia

Magnesiamu nayo ina tofauti kubwa kati ya kampaundi moja na nyingine. Lebo mbili zinaweza kutaja namba 400 na maneno “magnesiamu” na “oksaidi”, na zikawa na maana tofauti. “Magnesiamu oksaidi miligramu 400” ina magnesiamu halisi miligramu 240 hivi. “Magnesiamu (katika umbo la oksaidi) miligramu 400” ina miligramu 400 kamili, na unga wake una uzito wa zaidi ya miligramu 660. Viwango vya Marekani vinaweka kikomo cha miligramu 350 kwa siku kwa magnesiamu inayotoka katika vidonge, kwa sababu ikizidi huleta kuhara na maumivu ya tumbo. Kidonge cha kwanza kiko chini ya kikomo hicho, cha pili kimekivuka.

Lebo inapoacha shaka, asilimia iliyo pembeni ya namba husaidia kuthibitisha. Makopo mengi huonesha ni asilimia ngapi ya hitaji la siku inayotolewa na dozi moja, na asilimia hiyo hukokotolewa kwa madini halisi. Makopo ya Marekani hutumia magnesiamu miligramu 420 kuwa asilimia 100, na ya nchi za Umoja wa Ulaya hutumia miligramu 375. Turudi kwenye kopo lenye “miligramu 1000” mbele na “miligramu 141” nyuma. Likiwa ni la Marekani, asilimia inayotarajiwa ni 141 kugawanya kwa 420, yaani asilimia 34 hivi. Kama namba 1000 ingekuwa magnesiamu halisi, lebo ingeonesha asilimia 238. Kwa kalsiamu, rejea ya Marekani ni miligramu 1300 na ya Ulaya ni 800. Kwa zinki ni miligramu 11 na 10.

Njia nyingine ni ukubwa wa kapsuli yenyewe. Kapsuli kubwa ya kawaida hubeba unga usiozidi gramu moja hivi. Magnesiamu halisi miligramu 400 kutoka katika glisineti inahitaji unga wa gramu 2.8. Haiwezi kuingia katika kapsuli moja. Lebo ikidai hivyo, kuna maelezo matatu: namba ni ya uzito wa kampaundi, au dozi ni kapsuli tatu hadi nne, au glisineti imechanganywa na oksaidi. Orodha ya viambato itaonesha kama oksaidi imo.

Suala la idadi ya vidonge lisipuuzwe. Juu ya jedwali la virutubisho huandikwa dozi moja ni vidonge vingapi. Kama dozi ni vidonge viwili, namba zote zilizo chini yake ni za vidonge viwili kwa pamoja, na anayemeza kimoja anapata nusu.

Mambo ambayo namba ya madini halisi haisemi

Namba ya madini halisi hueleza kiasi kinachoingia kinywani. Haielezi kiasi kinachofika kwenye damu. Magnesiamu oksaidi ina sehemu kubwa ya magnesiamu kuliko sitreti, lakini huyeyuka kwa shida na mwili huifyonza kidogo. Kalsiamu kaboneti huhitaji asidi ya tumbo ili iyeyuke, hivyo hutumiwa pamoja na chakula, ilhali sitreti inaweza kutumiwa hata bila chakula. Mtu anayetumia dawa za kupunguza asidi tumboni amweleze mfamasia kabla ya kuchagua.

Kalsiamu huingiliana na ufyonzwaji wa madini ya chuma. Mjamzito anayetumia vidonge vya FEFO atenganishe muda wa kuvimeza na muda wa kalsiamu kwa saa kadhaa. Kalsiamu, magnesiamu na zinki pia hushikana na baadhi ya antibayotiki, zikiwamo tetrasaiklini na siprofloksasini, na kuzipunguzia nguvu. Mwenye ugonjwa wa figo asianze kutumia magnesiamu au kalsiamu bila ushauri wa daktari, kwa kuwa figo ndizo zinazotoa ziada mwilini.

Utaratibu wa kusoma lebo kabla ya kununua

1. Soma upande wa nyuma wa kopo. Jina kubwa la mbele lisiwe msingi wa hesabu.
2. Tafuta jina la madini lililosimama pekee, au namba iliyo baada ya maneno yenye maana ya “sawa na”. Hiyo ndiyo dozi.
3. Kama iliyopo ni kampaundi tu, zidisha uzito wake kwa asilimia iliyo katika jedwali la makala haya.
4. Angalia dozi moja ni vidonge vingapi, kisha gawanya ili kupata kiasi cha kidonge kimoja.
5. Linganisha na kiasi ulichoelekezwa na mtoa huduma za afya. Kama havilingani, usijiongezee wala kujipunguzia vidonge. Rudi kwa mfamasia au kliniki ukiwa na kopo.

Dawa zilizosajiliwa Tanzania Bara zipo chini ya Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba (TMDA). Udhibiti wa bidhaa za chakula ulihamishiwa Shirika la Viwango Tanzania (TBS) mwaka 2019. Mwananchi anayekuta lebo isiyotaja kampaundi wala kiasi cha madini, au yenye namba zinazopingana, anashauriwa kutunza kopo pamoja na risiti na kutoa taarifa katika ofisi ya mamlaka husika iliyo karibu naye.